Makunyanzi ya mzazi kwenye potreti: kuyafuta, kuyaacha au kuyapunguza?

"Nikiyafuta makunyanzi ya mama kwenye potreti anakuwa mtu mwingine, nikiyaacha na ile mifuko chini ya macho anaonekana kama anaumwa. Nifanyeje?"

Wapo wanaosema usiguse kitu, na hoja yao ni nzito. Ile mistari ya pembeni ya jicho inakuja kwa sababu msuli unaozunguka jicho unajikunja kila mtu anapocheka, sasa kama mama kwenye picha anatabasamu, hiyo mistari ndo tabasamu lenyewe. Ukiifuta, mashavu yanabaki yamepanda juu ila macho yametulia tu kama hayahusiki, na yeyote anayemfahamu atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Ila kamera nayo haimuoni mama kama unavyomuona wewe. Wewe unamuona akiongea, akigeuka, mwanga ukibadilika usoni, kamera inagandisha sehemu ndogo ya sekunde, na kama mwanga ulikuwa unatoka juu basi kila mkunjo umejaa kivuli cheusi kuliko ulivyo. Mifuko ya macho ndo inaonewa zaidi. Kwa mzee uvimbe ule mara nyingi ni mafuta yaliyosogea mbele baada ya tishu zinazoyashikilia kulegea, huo ni wake na utabaki, lakini akilala vibaya unaongezeka na kuwa mweusi zaidi siku hiyo. Kwa hiyo picha inaweza kuwa imebeba uchovu wa siku moja ikaufanya ndo sura yake ya kudumu, na hapo mimi siwezi kukubali kwamba kuacha kila kitu ndo heshima.

Msimamo wangu ni kwamba kivuli kipungue na mkunjo ubaki. Kwenye Photoshop ile Healing Brush yenyewe haina kitelezi cha Opacity, ndo maana watu wanapiga moja kwa moja kwenye picha na matokeo yanakuwa asilimia 100. Fungua leya mpya tupu juu ya picha, kwenye Sample chagua Current & Below, alafu ponya mkunjo wote bila uoga, mpaka hapo atakuwa kama kinyago na usishtuke, baada ya hapo ndo unashusha Opacity ya leya. Kila eneo lipe leya yake, mifuko ya macho peke yake, pembeni ya macho peke yake, paji la uso peke yake, maana hayahitaji kiwango kimoja.

Chukua mfano wa mama wa miaka 78, anatabasamu, mwanga wa dirisha unatoka kushoto. Mifuko nitaiweka kwenye 40 hivi, paji la uso 30, pembeni ya macho 15 au nisiguse kabisa kwa sababu anacheka. Upande wa kulia uko kivulini kwa hiyo mfuko wa huko unaonekana mzito zaidi, nitaupa leya yake na kupandisha Opacity kidogo lakini sitaulazimisha ulingane na wa kushoto, uso wa mtu haulingani pande mbili. Sampo ya kuponyea (unabonyeza Alt alafu unaklik) naichukua chini kidogo ya mfuko, upande uleule wa mwanga, sio katikati ya shavu, kwa sababu ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba na vinyweleo vya shavu ni vikubwa, vikihamia pale vinaonekana kama kiraka.

Njia hii ina kasoro moja ambayo wanaoipinga wako sahihi kuitaja. Ukichanganya ngozi mbili nusu kwa nusu, chembechembe zake hazikutani, zinafifishana, na eneo linakuwa laini kuliko ngozi ya jirani, yaani ule ulaini wa plastiki unarudi kwa mlango wa nyuma. Nikiuona nabadilisha modi ya leya kutoka Normal kwenda Lighten, hapo leya inang'arisha tu palipo na giza kuliko yenyewe, kivuli kinapungua na sehemu kubwa ya ngozi halisi inabaki ilivyo. Kuhakiki, rudisha picha ionekane nzima kwenye skrini alafu washa na uzime leya, kama macho ndo kitu cha kwanza kuruka basi umezidisha, shusha 10.

Kama picha ni ya simu na simu imeshalainisha ngozi yenyewe, hapo hata sampo nzuri hutapata, healing itaacha doa la ukungu. Bora utumie Curves, unyanyue kivuli kidogo kwa maski laini chini ya jicho na uache mikunjo yote ilivyo.