Hii Niachieni Mimi

Tulikuwa watu watano, safari ilikuwa ya siku nne na usiku tatu, na kabla ya kuondoka kila mmoja wetu alitoa mafungu 60 katika mfuko wa pamoja. Ninasema mafungu kwa sababu aina ya fedha haibadilishi ugomvi. Mfuko ulikuwa na mafungu 300, nao ulitosha kabisa kwa nauli, vyumba vitano vilivyofanana na vyakula vyote isipokuwa chakula cha jioni ya mwisho. Mweka hazina tulimchagua kwa kigezo kimoja tu: ndiye aliyekuwa na mkoba wenye zipu.

Siku mbili baada ya kurudi, mweka hazina alituma ujumbe katika kundi letu. Alisema kwamba safari ilikuwa nzuri mno, kwamba matumizi yote yalifika 435, kwamba zile 135 zilizozidi amezitoa mfukoni mwake, na kwamba 435 ukigawa kwa watano unapata 87, hivyo kila mmoja amrudishie 27. Mwishoni aliweka kikatuni cha uso unaocheka. Mimi sikucheka.

Nilimwomba mchanganuo, akauleta bila kinyongo. Tofauti ya bei ya chumba, 42. Boti, 48. Chakula cha jioni ya mwisho, 45. Nikaketi na karatasi, na nataka niseme kwa haki kwamba njia niliyoitumia ilikuwa sahihi, hata kama aliyeitumia hakuwa sahihi. Kosa la mweka hazina lilikuwa kujibu swali moja pale ambapo yapo mawili. Swali la kwanza ni nani alitoa fedha, na jibu lake hupatikana kwenye risiti. Swali la pili ni nani alitumia kile kilicholipiwa, na hilo halimo kwenye risiti yoyote. Hulipata kwa kukumbuka nani alikuwepo na nani alikubali. Kuchukua jumla kuu na kuikata kwa idadi ya watu ni sawa tu iwapo kila mtu alitumia kila kitu, jambo ambalo kwetu lilikuwa kweli kwa zile 300 za mwanzo na si kwa hizi 135.

Kwa hiyo nilichora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila matumizi na safu moja kwa kila mtu. Chumba hakikunisumbua. Siku ya kufika, mweka hazina alitazama chumba chake, akakiona kina giza, akahamia chenye roshani kwa nyongeza ya 14 kila usiku, na hakumuuliza mtu. Ni kweli kwamba jioni moja sote tulikaa kwenye roshani hiyo, na ni kweli vilevile kwamba mimi ndiye niliyekaa hadi mwisho. Hata hivyo, kipimo changu kilikuwa hiki: kama sisi wanne tusingeikanyaga roshani ile, je, angelipia chumba kile? Angelipia, maana alikuwa amekwisha kulipia kabla hajatualika. Basi 42 zote zikaingia kwenye safu yake.

Chakula cha jioni kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu ugomvi wake haukuwa wa hesabu bali wa lugha. Hati ya malipo ilipoletwa mezani, mweka hazina aliivuta upande wake na kutamka, kwa sauti ya mtu aliyerithi shamba, «Hii niachieni mimi.» Sote tulimshukuru. Mimi nilimwombea dua ya maisha marefu, tena kwa kurefusha. Sasa katika mchanganuo ile 45 ilikuwa imerudi kutudai. Nilikuwa na hakika kwamba maneno yale yalikuwa ni ukarimu, lakini nilipoyageuza nikaona kwamba yanaweza pia kuwa ya mtu anayetanguliza malipo ili mhudumu asisubiri watu watano wakihesabu sarafu. Nikaamua kwamba ahadi yenye maana mbili haiwezi kumfunga aliyeitoa, na kwa kuwa sote tulikula, nikaigawa kwa watano, kila mtu 9. Nilijiona mkarimu kupita kiasi.

Boti niliigawa kwa watatu, 16 kila mmoja. Mmoja wetu alibaki ufukweni akisoma gazeti, na mimi sikusafiri na boti.

Matokeo yalikuwa matamu. Badala ya 27, mimi nilitakiwa kulipa 9 tu. Msomaji wa gazeti naye 9, wale wawili wa boti 25 kila mmoja, na mweka hazina abebe 67 zilizo zake. Nilijumlisha: 9 na 9 na 25 na 25 ni 68, ukiongeza 67 unapata 135 kamili. Hesabu ilifunga. Sikujua wakati huo kwamba hesabu kufunga huthibitisha kujumlisha peke yake. Jedwali linaweza kufunga vizuri kabisa huku mtu ameandikwa pale ambapo hakuwepo, au amefutwa pale alipokuwepo.

Lililobaki lilikuwa kumwambia. Nilijua kwamba jambo la namna hii huanzia faraghani, kwa aliyetumia zaidi, kabla wengine hawajachagua pande, na kwamba kusikika ni bora kuliko kusomwa, kwa kuwa maandishi hayana sauti na msomaji huyapa sauti ya mtu anayemchukia. Basi nikaamua kumtumia ujumbe wa sauti. Ili nisikosee, nilisimama mbele ya kabati la nguo nikafanya mazoezi, huku simu ikirekodi ili nijisikilize baadaye.

Jaribio la kwanza lilikuwa la upole: «Ndugu yangu, nakushukuru kwa kazi kubwa uliyoifanya.» Hapo nikasimama na kujionya kwa sauti, «Hapana, umelegea mno, atafikiri unaomba mkopo.» Jaribio la pili lilikuwa la ukali, na ndani yake kulikuwa na sentensi «roshani yako isiwe msalaba wetu,» ambayo niliipenda nikairudia mara tatu, kila mara nikisisitiza neno tofauti. Jaribio la tatu lilikuwa zuri kwa kweli. Lilitaja matumizi na halikumtaja mtumiaji. Lilisema «chumba kilichobadilishwa» badala ya «chumba ulichobadilisha», likaeleza hesabu hatua kwa hatua, likaishia kwa kumuuliza kama kuna jambo nimelisahau. Nikamaliza kwa kujipongeza: «Hiyo ndiyo sauti ya mtu mzima.»

Kidole kikagusa pale kisipopaswa. Rekodi nzima, dakika sita, majaribio yote matatu pamoja na maoni ya hakimu, ikaenda, na haikwenda kwake. Ilikwenda kwenye kundi.

Nilijaribu kuifuta, lakini kufuta kunahitaji utulivu wa vidole, na kwanza niliifuta kwenye simu yangu peke yangu, hivyo ikawa kwamba watu wote duniani wanaohusika walikuwa nayo isipokuwa mimi. Msomaji wa gazeti ndiye aliyejibu wa kwanza: «Nimefika kwenye msalaba. Naendelea.»

Mweka hazina alinyamaza kwa karibu nusu saa. Nilimtungia hasira za kila aina katika nusu saa ile. Alipoandika, alikuwa mtulivu kunishinda. Alisema kwamba jaribio la tatu limemridhisha na kwamba chumba ni chake, hana ubishi, alikuwa amejumlisha risiti zote za mkobani bila kuzichambua. Kuhusu chakula alisema alimaanisha kutanguliza. Msomaji wa gazeti akamuuliza kwa nini basi alipokea shukrani zetu, naye akajibu kwamba mtu hushukuriwa hata anapokopesha, hoja ambayo mpaka leo sijapata pa kuishikia. Wakakubali 9 kwa kila mmoja. Kisha akaandika: «Umeuliza kama kuna jambo umelisahau. Lipo.» Chini yake akaweka picha.

Katika picha nilikuwa nimeketi ndani ya boti, nimevaa jaketi la kuelea, nimeshika ukingo kwa mikono miwili, na rangi ya uso wangu haikuwa ile niliyozaliwa nayo.

Najua niliandika juu kwamba sikusafiri na boti. Nilikuwa na maana ya kusafiri kwenyewe. Nilipanda, tukaenda kwa muda wa dakika kumi, tumbo likakataa, nikatapika upande ambao upepo ulikuwa unatoka, na nahodha akageuza chombo akanirudisha nchi kavu, ndipo wenzangu wakaondoka upya. Kwa moyo safi kabisa nilikuwa nimejihesabu miongoni mwa waliobaki ufukweni, kwa sababu ndiko nilikokuwa na kumbukumbu nzuri.

Mjadala uliofuata ulikuwa mfupi na wa kitaalamu kuliko nilivyotaka. Niliteta kwamba sikufaidi. Mmoja wa waliokwenda akanikumbusha kwamba boti haikodiwi kwa kufaidi bali kwa nafasi, kwamba nilikubali nikiwa mzima, na kwamba nafasi yangu haikupewa mtu mwingine. Ningekataa kabla ya kupanda, kama msomaji wa gazeti, nisingedaiwa chochote. Nikakubali kuwa wa nne, nikidhani kwamba 48 kwa wanne ni 12, na 12 na 9 ni 21, bado chini ya 27.

Hapo mweka hazina akaleta risiti ya boti. Bei ya kukodi ilikuwa 36. Zile 12 zilikuwa mstari wa pili, ambao nahodha aliuandika kwa mkono wake: «kurudisha abiria mmoja».

Nilitafuta kwenye jedwali langu mtu mwingine wa kuwekewa 12 zile, lakini kanuni niliyoipitisha mwenyewe kuhusu roshani, kwamba gharama iliyoletwa na mtu mmoja kwa ajili yake huingia kwenye safu yake, ilikuwa bado inanitazama. Basi boti ikawa 9 kwa kila mmoja wa wanne, pamoja na 12 kwangu. Msomaji wa gazeti akabaki na 9, wale wawili wakashuka hadi 18 kila mmoja, mweka hazina akabeba 60 badala ya 27, na mimi, mdai wa haki, nikatoka na 30. Nilijumlisha mara mbili. Ilifunga: 135.

Kila mmoja wa wale watatu waliopunguziwa deni alinishukuru kwa kulianzisha jambo hili. Mmoja alinishukuru kwa ujumbe wa sauti, akianza kwa upole, kisha akajionya kwamba amelegea mno.

Nililipa jioni ileile. Simu iliniomba nijaze sababu ya malipo, na kwa kuwa nilikwisha kujifunza kuchanganua, niliandika: chakula 9, boti 9, matapishi 12.