Kodi ya kubeti: akatwe mshindi au kampuni?

Mtu akiweka dau la 100 mara kumi, kila mara kwa odi ya 2.0, akashinda mara tano na kuchaniwa mikeka mitano, hana faida wala hasara. Ametoa 1,000, amerudishiwa 1,000. Sasa chukua nchi inayokata asilimia 20 ya faida ya kila mkeka ulioshinda. Mikeka mitano ina faida ya 500, kwa hiyo serikali inachukua 100 kutoka kwa mtu ambaye hakupata kitu. Na sheria ikihesabu kuwa ushindi ni malipo yote, pamoja na dau lake mwenyewe lililorudi, makato yanafika 200.

Dosari hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kumtoza mshindi. Kodi inaona mikeka iliyoshinda tu, iliyochanika haioni. Dawa inayoonekana rahisi ni kumruhusu mchezaji atoe hasara zake kwanza, lakini hapo serikali inajitia matatani. Wachezaji kwa jumla hupoteza, la sivyo kampuni zingefungwa zamani. Ukiruhusu hasara zote zipunguze hata kodi ya mshahara, hazina itatoa zaidi ya inachoingiza.

Mahakama ya Uingereza ilikutana na swali hili mwaka 1925, katika kesi ya Graham dhidi ya Green. Mlipakodi alikuwa anaishi kwa kubeti farasi. Jaji Rowlatt aliamua kwamba kubeti kwake si biashara, hivyo ushindi wake si mapato ya kutozwa kodi. Mwenye kampuni ya kubeti ni jambo jingine: yeye amepanga shughuli yenye faida inayotabirika, na anatozwa.

Marekani ilishika njia ya pili. Ushindi wote ni mapato, na hasara zinatolewa kwa masharti: hazizidi ushindi, na lazima mlipakodi aorodheshe makato yake moja moja badala ya kuchukua punguzo la jumla. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hata hizo hasara zinahesabiwa asilimia 90 tu. Aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza dola 100,000 ndani ya mwaka mmoja anahesabiwa kuwa na mapato ya dola 10,000. Sioni namna ya kuutetea utaratibu huo.

Lakini kusema tu "itozwe kampuni" hakutoshi, maana inategemea unatoza nini. Hadi mwaka 2001 Uingereza ilitoza asilimia 6.75 ya dau zote, na maduka yakawa yanamkata mteja asilimia 9. Tazama mchezo wa pande mbili zenye nafasi sawa, kila upande odi 1.90. Kwa kila 1,000 ya dau kampuni inalipa wastani wa 950 na kubaki na 50. Kodi ya asilimia 6.75 ya dau ni 67.5, zaidi ya pato lote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni zikaanza kuhamia Gibraltar, eneo dogo la Uingereza lililo ng'ambo lenye kodi nafuu, na kupokea dau kwa simu, wateja wakazifuata. Oktoba 2001 serikali ikabadili: ikafuta kodi ya dau na kutoza asilimia 15 ya kinachobaki baada ya kulipa washindi. Katika mfano wetu ni 7.5, na kampuni inabaki na 42.5 za kuendeshea kazi. Hata hivyo kampuni za mtandaoni ziliendelea kukaa nje, hadi Desemba 2014 sheria ilipoanza kuangalia mteja anaishi wapi badala ya kampuni ilipo.

Wanaotaka mshindi ndiye akatwe nao wana hoja ambayo siipuuzi. Kodi ya kampuni haiishii kwa kampuni. Ikipanda, odi zinashushwa, na anayeumia ni kila mchezaji, hasa anayepoteza kila wiki. Bahati nasibu inaonyesha hili wazi zaidi. Uingereza inachukua asilimia 12 ya bei ya kila tiketi na mshindi anapokea zawadi yake nzima. Kwa hiyo kodi inabebwa na mamilioni ya watu ambao hawakushinda, huku aliyepata mamilioni hakatwi senti ya zawadi hiyo, wakati mfanyakazi anakatwa kila mwezi.

Kwa maoni yangu hii ni michezo miwili tofauti. Kwa kubeti kwa mara kwa mara, itozwe kampuni, kwa kile inachobaki nacho. Kwa zawadi kubwa ya bahati nasibu, mshindi anaweza kukatwa bila dhuluma: tiketi alizopoteza ni chache mno mbele ya alichopata, na makato yanafanyika mara moja pale anapolipwa. Sharti ni kiwango cha kuanzia kiwe juu, na makato yawe ya mwisho. Marekani inazuia asilimia 24 ya zawadi inayozidi dola 5,000, lakini ngazi ya juu ya kodi ya mapato ni asilimia 37, kwa hiyo mshindi mkubwa anayetumia pesa zote zilizofika benki anakuja kudaiwa tofauti hiyo wakati wa kujaza ritani.