Kikombe kitoke, chupa iingie: vidole vibaki au vichorwe upya?

"Kaka, nina picha ya dada ameshika kikombe, mteja anataka aonekane ameshika chupa yake ya juisi. Kila nikibadilisha, vidole vinaharibika. Nikate kwa mkono au niiachie Generative Fill ya Photoshop ichore?"

Kabla ya kuchagua njia, kikuze kile kiganja mpaka kijaze kioo, kisha angalia dada ameshika wapi. Kikombe hushikwa kwa namna mbili. Kuna anayekizungushia vidole mwilini, kama tunavyofanya hapa Arusha asubuhi za Julai ukitafuta joto. Na kuna anayekishika kwa kishikio: kidole cha shahada kimepita ndani ya tundu, gumba limekandamiza juu, na kiganja hakigusi kikombe kabisa. Katika namna ya pili, ukiweka chupa itaelea pembeni ya ngumi. Hakuna maski itakayookoa picha hiyo, kwa sababu kosa liko kwenye mkono wenyewe na kukata vizuri hakulifuti.

Nichukue kazi niliyoifanya kwa mama mmoja anayeuza juisi Moshi. Picha ilipigwa kabla hajaanza kufungasha kwenye chupa: binti amesimama mbele ya meza, mkono wa kulia umezunguka kikombe cheupe. Kwa mtazamaji, kiganja kiko kushoto, vidole vinne vinapita mbele ya kikombe, gumba limefichwa nyuma. Kikombe kina upana wa sentimita 8, na kwenye picha kilichukua pikseli 480, yaani pikseli 60 kwa kila sentimita. Chupa ya mama niliipima kwa rula nikapata sentimita 6.5, kwa hiyo ilipaswa kuwa na upana wa pikseli 390. Tofauti ni pikseli 90.

Hizo 90 ndizo zinazoharibu kazi za wengi. Mtu anaweka chupa katikati ya pale kikombe kilipokuwa, pengo linagawanyika pande mbili, na kiganja kinaachana na chupa. Macho ya mtazamaji yanagundua hapohapo, hata kama hawezi kusema kasoro ni nini. Chupa isukume yote kushoto hadi iguse kiganja, pengo lote libaki kulia. Ncha za vidole vya binti zilikuwa zimefika pikseli ya 300 kutoka kushoto, kwa hiyo bado zilitua juu ya chupa, ila sasa zilikaribia ukingo wa kulia. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kweli: ukishika kitu chembamba, vidole huzunguka zaidi. Sikugusa kidole hata kimoja. Lakini mama angetaka mkono uwe kwenye shingo ya chupa, yenye sentimita 3 tu, hesabu ingekataa, maana upana wa pikseli 180 ungeacha ncha za vidole zikining'inia hewani.

Hapo ndipo uzuri wa kukata kwa mkono ulipo. Vidole vinabaki vya binti mwenyewe, na pete yake, na hina iliyoanza kufifia kwenye kucha. Gharama yake ni muda na uangalifu. Unapovizunguka vidole kwa Pen Tool, pita ndani ya ngozi kwa pikseli moja au mbili, kwa sababu ukingo halisi umechanganyika na weupe wa kikombe na utakuachia mstari mweupe kama chaki. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni: kikombe cheupe hurudisha mwanga kwenye ubavu wa vidole. Chupa ya juisi ya ukwaju hairudishi mwanga huo. Usipopunguza mng'ao ule kwa leya ya Curves iliyobanwa kwenye vidole peke yake, vidole vitaonekana vimetoka picha nyingine, ingawa ni vilevile. Kisha weka kivuli chembamba chini ya kila kidole, kwenye leya ya Multiply, kikiwa kizito pale ngozi inapogusa chupa na kikififia haraka.

Generative Fill nayo ina haki yake, na siipendi tabia ya mafundi wenzangu kuidharau. Lile pengo la pikseli 90 upande wa kulia, ambako kitenge cha binti kilipaswa kuonekana, nililijaza kwa Generative Fill, na mikunjo ilikaa vizuri kuliko ningeiunga mwenyewe. Mkono ukiwa mdogo kwenye picha, tuseme pikseli 60 tu za upana katika kundi la watu, iache ifanye kazi yote. Hakuna atakayehesabu kucha. Hata kwa ule mshiko wa kishikio, hiyo ndiyo njia pekee ya kupata mshiko mpya bila kurudi na kamera.

Ila mkono ukiwa mkubwa, mimi siiamini. Programu haimjui binti yule. Inachora mkono wa mtu yeyote, pete inapotea, hina inafutika, rangi ya ngozi inaachana na ya kifundo cha mkono. Ukichagua eneo la kikombe tu, wakati mwingine inaongeza kidole cha tano kando ya vinne ulivyoviacha. Hesabu viungo: ukiacha gumba, kila kidole kikikunjwa huonyesha mikunjo yake pale pale ilipo kwenye kidole chako, na kucha huelekea upande uleule wa ncha. Angalia pia chembechembe za picha, kwani eneo lililochorwa huwa laini kuliko jirani yake. Na lebo ya mama, yenye jina lake na namba yake ya simu, inaweza kutoka maandishi yasiyosomeka au yenye makosa. Kwa hiyo hata anayechora mkono kwa Generative Fill bado anahitaji picha halisi ya chupa.

Hapo naona jibu la mshiko wa kishikio. Kama chupa lazima ipigwe picha, basi mwombe binti huyohuyo, au ndugu mwenye ngozi na ukubwa wa mkono unaofanana, aishike, upige mkono na chupa pamoja. Kazi ya kuunganisha inahamia kwenye kifundo au kwenye mkono wa shati, mahali panaposamehe zaidi. Piga saa ileile na picha ya kwanza. Jua la adhuhuri Moshi liko karibu utosini, vivuli vya vidole vinaanguka kuelekea chini. Chupa iliyopigwa kwa taa ya ubavuni haitakubali kukaa hapo. Kamera nayo iwe kwenye kimo kilekile: kama mdomo wa kikombe ulionekana yai, basi kifuniko na mstari wa lebo vipinde vivyo hivyo.

Kazi ya mama yule nusura inishinde mwishoni. Juisi ya ukwaju ni nzito, gumba nyuma ya chupa halionekani, nikadhani nimemaliza. Kisha akataka toleo la pili, lenye chupa ya maji. Kikombe kilikuwa kinaficha gumba, maji hayalifichi. Tena chupa ya duara iliyojaa maji hukuza kilichoigusa nyuma, gumba linaonekana pana karibu mara mbili, huku mandhari ya mbali ikigeuka kushoto kwenda kulia. Gumba hilo halikuwemo kwenye picha yangu popote. Nilimpigia mama simu, nikapanda gari asubuhi kwenda Moshi, na binti akaishika chupa ya maji mbele ya meza ileile.