Gunia moja la dagaa, wapangaji wanane

Wapangaji wa nyumba moja wakitaka kuanza kuchanga na kuuza, kwa Mwanza ningewashauri waanze na dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, tena gunia moja tu. Wengi hununua sukari, mafuta na mchele kwa mkupuo, kisha hawajui ni bidhaa ipi iliyokula mtaji.

Chukua mfano wa watu wanane, kila mmoja 20,000. Mkononi zipo 160,000. Bei hubadilika kila siku, lakini tuseme gunia ni 130,000 na usafiri 5,000. Kabla ya kulipa, pimeni kwa debe mbele ya muuzaji, maana magunia hayalingani. Tuseme limetoa debe 6, yaani sado 30. Hapo wengi hugawa 135,000 kwa 30, wanapata 4,500, wanauza 5,000 na kuamini wana faida.

Hawana. Wakishachekecha, vumbi na vichwa vilivyokatika vinatoka, na zinaweza kubaki sado 27. Kila sado safi imewagharimu 5,000 kamili. Kwa hiyo chekecheni kwanza, pimeni upya, ndipo mpange bei. Hayo mavumbi msiyatupe, wafuga kuku huyanunua. Na sado mliyonunulia ndiyo iwe ya kuuzia: mkinunua kwa kufuta na kuuza kwa kilele, mnagawa mali bure.

Dagaa waliokauka vizuri hukatika kwa mlio ukiwakunja. Wakipinda tu, bado wana maji, na ndani ya gunia watapata ukungu. Kipindi cha masika hili ni la kuogopa zaidi. Loweka konzi moja kwenye bakuli la maji: mchanga ukitulia chini kwa wingi, walianikwa ardhini, si kwenye chanja. Gunia likae juu ya mbao, lisiguse sakafu. Tena msinunue wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mzigo hupungua na bei hupaa.

Sasa deni, ambalo mimi nalichukia kuliko ukungu. Mkiuza sado zote 27 kwa 6,000, mnapata 162,000, faida 27,000. Mama fulani wa chumba cha tatu akisema, "Jirani, niandikie sado, nitalipa mwisho wa mwezi," ni vigumu kumkatalia, maana mnachota maji bomba moja. Lakini sado tano tu za mkopo ni 30,000: faida yote imekwenda na mtaji umeanza kumegwa. Anayechanga naye anunue kwa fedha taslimu, bei ileile ya mteja wa nje. Akikwama kweli, sado yake ikatwe kwenye mchango wake, iandikwe daftarini siku hiyohiyo, wote wakiwa wanaona.