Madau Mawili, Derbi Moja: Kelly Ipunguzwe Kiasi Gani?

Mbetaji wa Nairobi mwenye mtaji wa shilingi 10,000 anaingoja derbi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Anakadiria kwamba Gor ina uwezekano wa asilimia 55 wa kushinda, na asilimia 55 vilevile wa kufunga mabao mawili au zaidi, huku kila dau likiwa na odi ya 2.00. Kanuni aliyoitoa John Kelly mwaka 1956, inayotafuta ukubwa wa dau unaokuza mtaji kwa kasi kubwa zaidi, inamruhusu kuweka asilimia 10 ya mtaji, yaani shilingi 1,000, kwenye dau moja. Utata unaanza anapotaka kuyaweka yote mawili kabla ya filimbi.

Wapo wanaoshikilia kwamba kila dau lihesabiwe peke yake. Hoja yao ina ukweli kiasi, kwa kuwa kama dau la pili lingekuwa la mechi nyingine isiyohusiana na derbi, hesabu sahihi ingekuwa shilingi 990 kwa kila moja, tofauti isiyostahili ugomvi.

Hata hivyo, Gor ikifunga mawili, mara nyingi huwa imeshinda. Tuseme katika kila mechi 100 za namna hii madau yote mawili hushinda pamoja mara 45 na kupotea pamoja mara 35, ilhali katika 20 zilizobaki faida ya moja hufuta hasara ya jingine. Kwa odi hizi, sehemu ya mtaji inayofaa kwa madau yote mawili ni tofauti ya 45 na 35 ikigawanywa kwa jumla yake:

(45 − 35) / (45 + 35) = 0.125

Hiyo ni shilingi 1,250, au 625 kwa kila dau. Aking'ang'ania 1,000 mara mbili, kasi ya kukua kwa mtaji hushuka hadi takriban asilimia 63 ya ile bora, na kama matokeo yangefungamana kabisa, ukuaji wote ungetoweka.

Kambi ya pili hugawanya tu kwa idadi ya madau: 500 na 500. Kwa mechi zisizohusiana, tahadhari hiyo hugharimu karibu robo ya ukuaji, na hapo naiona ni woga. Katika derbi hii, hata hivyo, hubakiza takriban asilimia 96 ya ukuaji bora. Kwa kuwa ile 45 yenyewe ni makadirio, kosa la kupunguza mno ni nafuu kuliko la kuzidisha, kwa hiyo kwa madau ya mechi moja naegemea kambi hii.

Kinachowaponyoka wengi ni uhusiano usioonekana kwenye ratiba. Madau matano ya timu za nyumbani katika viwanja vitano yanaonekana huru, lakini ikiwa yote yametokana na makadirio yaleyale ya faida ya uwanja wa nyumbani, na makadirio hayo yamezidi, yote yamekosewa kwa pamoja. Dalili hupatikana kwenye daftari: asilimia ya ushindi wa madau ya aina hiyo hubaki chini ya ile aliyoikadiria, wiki baada ya wiki, na kugawanya dau hakutibu hilo mpaka makadirio yenyewe yashushwe.