Ule ukwaju kwenye suruali, naomba nieleze mwenyewe

Wakuu, kabla hamjaendelea kunitumia zile stika, stori aliyowarushia rumeti wangu kwenye grupu ina chumvi nyingi. Sikulia. Na ukwaju haukufika kwenye viatu vya mwalimu, uliishia kwenye suruali yangu ya kaki, tena sehemu ambayo hata ueleze vipi hakuna atakayekuamini.

Swali lenyewe la tutorio mnalijua. Tanki la umbo la koni, ncha iko chini, kina mita 4, nusu kipenyo cha mdomo mita 2, limejaa maji, tafuta kazi ya kuyapampu yote hadi mdomoni. Usiku nilikuwa nimelisoma nikajiona fundi, kimbelembele kikanituma nibebe na mfano: faneli ya jirani ya mafuta ya taa (niliiosha, msiulize vizuri kiasi gani), nimeziba tundu kwa kidole cha mkono wa kushoto, ndani nimejaza ukwaju ili watu waone "kimiminika". Mkono wa kulia una chaki. Darasa zima limetulia. Na yule dada wa benchi la nyuma yupo, ndiyo, huyo huyo, tuendelee.

Nilianza vizuri jamani, hapo nipeni haki yangu. Nikawaambia huwezi kuchukua uzito wote ukazidisha na umbali mmoja, kwa sababu maji ya juu yana safari fupi na ya chini yana safari ndefu, ndo maana tunayakata vipande vyembamba vya kulala, kama chapati zilizopangwa kwenye hotipoti, kila chapati unene wake dy, ili maji yote ya chapati moja yawe yanapanda umbali uleule. Sasa hotipoti yetu imechongoka chini, so chapati za chini ni vidogo vidogo. Ukiwa kimo y kutoka nchani, nusu kipenyo ni y/2, maana mdomoni ni 2 kwa kina cha 4. Ujazo wa chapati π(y/2)² dy, zidisha 9800 upate uzito wake kwa niutoni. Watu wanaandika! Mimi naandikwa!

Ikabaki umbali. Nikaandika y. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nikaintegreti kutoka 0 hadi 4, nikapata 2450π × 64, yaani juli kama 492,600, nikapiga mistari miwili chini yake, nikageuka na lile tabasamu.

Dada wa nyuma akanyoosha mkono. Taratibu. Akauliza kwa upole, na upole ndo uliniua, "Samahani kaka, kwa hiyo chapati iliyoko mdomoni kabisa, ambayo imeshafika, ndo tunaibeba mita 4? Na ile ya nchani haibebwi kabisa?"

Nikasikia masikio yanapata moto. Nikaangalia ubao. y. Nikaangalia faneli. Kichwani kuna sauti inasema 4 − y, 4 − y, 4 − y wewe ng'ombe, lakini mdomo ukasema "Hapana, wewe hujaelewa, chapati ya nchani iko HAPA", na kidole cha kuonyeshea nchani, wapendwa, ndo kilekile kilichokuwa kimeziba tundu.

Ulishuka kwa mstari mmoja, mwembamba, bila haraka. Nimesimama nauangalia kama si wangu. Halafu badala ya kuziba tena nikainua faneli juu, sijui nilitaka nini, ukabadilisha njia ukanifuata kiunoni. Mtu wa nyuma akasema, "Huo mbona unashuka bila pampu?"

Mengine ni haraka haraka. Mwalimu akafuta y akaweka (4 − y), integrali ya y²(4 − y) ikatoa 64/3, kazi ikawa juli kama 164,200, yaani mimi nilikuwa nimezidisha mara tatu kamili. Akaongeza kuwa uzito wa maji yote nao ni niutoni 164,200, kwa hiyo kwa wastani yanapanda mita 1 tu, wakati jibu langu lilikuwa linayapandisha mita 3. Koni hii maji mengi yako juu karibu na mdomo, wastani wa mita 3 kati ya 4 ulitakiwa unishtue hata kabla ya ile mistari miwili. Haukunishtua. Nilikuwa natabasamu.

Nikarudi hosteli nimejifunika na daftari kwa mbele. Rumeti kafika kabla yangu, stori imeshaenda, na sasa anadai buku yake, maana ukwaju ulikuwa wake na sikuomba. Faneli nayo jirani kaikataa, anasema inanuka juisi.