Kadi Gani Tena?

Fundi amekaa barazani kwangu tangu saa moja asubuhi. Hanisemeshi, anatazama kenchi tu. Jiko na chumba cha uani viko wazi, na mawingu ya mwezi huu nyote mnayajua. Chanzo ni alama moja tu: ile S iliyochomwa kijiti kama mshikaki.

Mpwa wangu yuko Toronto. Juzi kaniandikia: "Shikamoo mjomba, nimekutumia $300 ya mabati." Nikachukua kalamu. Dola moja 2,600, mara 300, jumla 780,000. Bati moja 26,000, kwa hiyo bati 30 kamili, haibaki hata ya soda. Nikamwita fundi, nikamwambia kwa sauti ya mwenye nyumba: "Ezua." Akaezua.

Kisha simu ikalia. Umepokea TSh 555,000.

Nikavaa koti, maana mambo ya fedha hayaendewi na kaptura, nikaenda kwa wakala. "Binti yangu," nikamwambia kwa upole wa mtu aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi, "laki mbili na ishirini na tano zangu ziko wapi?"

Hajajibu, mama wa chapati nyuma yangu akadakia: "Tozo hizo!" Bodaboda naye: "Tozo gani ya laki mbili? Huo wizi." Foleni ikageuka mkutano. Mtu akanisogezea kreti la soda, nami nisingeweza kuwaangusha wananchi, nikapanda. Nilikuwa nimefika kwenye makato ya mwaka juzi ndipo binti akauliza, "Babu, risiti aliyokutumia unayo?"

Ninayo. Ila nani husoma risiti? Akaikuza kwa vidole viwili. "Soma hapa."

CAD 300.00.

"Kadi?" nikasema. "Mimi sijatumiwa kadi! Kadi ninazo sita mezani, zote za michango ya harusi. Nilitumiwa dola!"

"Si kadi, babu. C na A ni Kanada, D ni dola. Ya Marekani huandikwa USD. Alama wanatumia moja, pesa ni mbili." Akashuka mstari mmoja: 1 CAD = 1,850 TZS. "Ungetazama kiwango hiki ungejua mapema. Dola ya Marekani siku hizi utaipata wapi kwa 1,850?"

Tukazidisha kwa 300. Ikatoka 555,000, hakuna hata mia iliyoibwa. Mama wa chapati akasonya, "Kumbe mzee hela zake mwenyewe hazijui." Nikashuka kwenye kreti. Kushuka kreti ni kugumu kuliko kupanda.

Mpwa nilipompigia akacheka! "Mjomba, huku ukisema dola ni ya huku. Dukani nani anaandika CAD?" Sawa, dukani hapana, mko nchi moja. Lakini hela ikivuka bahari ivae jina lake, jamani! Australia nao wana dola, Namibia dola, Singapuri dola, na wote mshikaki ule ule. Andika hata C$ basi, tukuelewe!

Binti anasema herufi zenyewe zina orodha yake, ISO 4217, ipo tangu mwaka 1978. Mbili za mwanzo nchi, ya tatu pesa. Ndiyo maana sisi ni TZS. Nikaona rahisi. Nikainua macho kwenye ubao wa duka la fedha la jirani, nikakuta CHF. Nikasema haya, na bima ya afya ya jamii sasa inauzwa hapa? Kumbe faranga ya Uswisi, CH ni jina la nchi yao kwa Kilatini. Chini yake CDF. Mkuu wa Majeshi naye? Hapana, faranga ya Kongo. Ya Burundi ndiyo BIF, na mimi na Warundi hatujawahi kuwa na bifu.

Kwa hela iliyopo nimepata bati 21 na chenji 9,000. Zimebaki bati tisa, yaani jiko lote. Mke wangu amepika leo chini ya mwavuli na hajasema neno, jambo ambalo ni baya zaidi.

Na sasa hivi, nikiandika haya, shemeji yangu mwenye biashara kati ya Bujumbura na Kigali ameniandikia: "Bro, nikopeshe F 50,000." F ipi? Kwa bei ya benki faranga moja ya Rwanda inakaribia mbili za Burundi! Nimemjibu kwamba situmi senti mpaka aniandikie herufi tatu.

Ameniandikia: "POA".